Tangazo la kazi likiisha muda, nani analiondoa na kwa bei gani?

Kubandika tangazo la kazi kwenye tovuti siku hizi ni kazi ya dakika chache. Gharama iko kwenye kuliondoa. Tangazo la dereva lililofungwa tangu wiki mbili zilizopita, likiwa bado linaonekana, linamtoa kijana Mariakani na bahasha mkononi. Ametoa nakala za vyeti saibani, amelipa nauli ya matatu hadi mjini, halafu anafika mapokezi na kuambiwa watu walishachukuliwa. Na ofisi nayo inalipa kwa njia yake: simu zisizokwisha, wasifu wa watu usiohitajika unaojaa kwenye barua pepe, na data binafsi ambazo Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 haitaki uendelee kuzirundika bila sababu.

Kwa hiyo ofisi nyingi zinazoandika nafasi zao kwenye Google Sheets au Excel huuliza swali moja: je, jedwali hilihili haliwezi kupeleka matangazo kwenye tovuti, kisha kila moja likatoka lenyewe siku yake ikipita? Linaweza, na kuna njia kadhaa za kulifanya hivyo. Nyingine hazigharimu hata shilingi, nyingine zinapita shilingi elfu sitini kwa mwaka. Nilipozipima kwa kazi ileile, jambo lililonishangaza ni kwamba njia ya bure kabisa ndiyo inayokosea mara chache zaidi katika kuondoa, na zile za kulipia zina mtego ambao wauzaji hawausemi.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue ofisi ya kuwatafutia watu kazi iliyoko Mombasa, yenye wafanyakazi wawili, inayotoa matangazo 40 kwa mwezi: mpishi msaidizi wa Diani, dereva wa trela wa Miritini, mhasibu wa Changamwe na kadhalika. Jedwali lao lina kolamu saba: A ni cheo, B mwajiri, C kituo cha kazi, D maelezo, E mwisho wa kutuma maombi, F hali ya tangazo, na G namba ya ukurasa kule kwenye tovuti. Tovuti wanayo tayari, ya WordPress, na kodi ya seva wanalipa iwe wana matangazo au hawana, kwa hiyo hiyo siihesabu. Dola moja naikadiria kwa shilingi 130 za Kenya. Bei nitakazotaja ni zile zinazotangazwa na kampuni zenyewe. Zinapanda na kushuka, na juu yake unaweza kuongezewa VAT ya asilimia 16 pamoja na makato ya benki kwa malipo ya dola.

Chujio: shilingi sifuri

Njia ya kwanza haiondoi chochote. Unafungua karatasi ya pili ndani ya faili lilelile, unaiita "Wazi", na kwenye seli A2 unaandika fomula moja:

```
=FILTER(Nafasi!A2:E, ISNUMBER(Nafasi!E2:E), Nafasi!E2:E>=TODAY())
```

Karatasi hiyo itaonyesha nafasi ambazo tarehe yake ya mwisho ni leo au mbele ya leo, basi. Kisha unaingia File, Share, Publish to web, unachagua karatasi ya "Wazi" peke yake wala si faili zima, na kiungo unachopewa unakipachika kwenye ukurasa wa tovuti. Mabadiliko unayofanya kwenye jedwali hufika kule baada ya dakika kama tano. Ndani ya File, Settings, kwenye sehemu ya Calculation, weka "On change and every hour", ili TODAY() isikae na tarehe ya jana kwa kuwa hakuna mtu aliyefungua faili.

Uzuri wa njia hii ni kwamba hakuna kitu kinachosubiri kutokea. Hakuna amri iliyopangwa kwa ajili ya tarehe 12 inayoweza kukwama, kusahaulika au kukataa. Kila karatasi inapojihesabu inauliza upya: nafasi hii bado iko wazi? Mwajiri wa Diani akipiga simu kusema, "Tuongezeeni wiki moja, hatujapata mpishi," unabadilisha seli moja na tangazo linabaki. Hata kama lilikuwa limeshatoweka jana, linarudi lenyewe.

Kasoro zake ni za wazi. Jedwali lililopachikwa halisomeki vizuri kwenye simu, na waombaji wengi wanatumia simu. Maelezo marefu ya kazi yanabanwa kwenye seli. Kila nafasi haina ukurasa wake, kwa hiyo huwezi kumtumia mtu kiungo cha kazi ya mhasibu peke yake, wala Google haiwezi kuionyesha kama tangazo la kazi kwenye utafutaji wake. Na kama faili hilohilo lina majina ya waombaji au mshahara usiotaka ujulikane, usidhani kuficha kolamu kunatosha. Mtu uliyempa kiungo cha kuangalia faili anaweza kulinakili na kuifichua kolamu hiyo. Siri ikae kwenye faili jingine kabisa.

Airtable inatoa kitu cha aina hiihii chenye sura nzuri zaidi. Unatengeneza mwonekano wenye chujio la tarehe, kwamba tarehe ya mwisho iwe leo au baadaye, kisha unaupachika kwenye tovuti. Mpango wa bure unabeba rekodi 1,000 kwa kila hifadhi. Kwa matangazo 40 kwa mwezi, hiyo ni miaka miwili kabla hujalazimika kufuta ya zamani. Hapa kuna kosa la pesa ninaloliona mara kwa mara: watu huhamia mpango wa Team kwa sababu mpango wa bure unaruhusu otomesheni 100 tu kwa mwezi. Lakini chujio halihesabiwi kama otomesheni. Mpango wa Team ni dola 20 kwa kila mtu kwa mwezi ukilipa kwa mwaka, yaani dola 480 kwa ofisi yetu ya watu wawili, au shilingi 62,400. Kwa kuondoa matangazo tu, hiyo pesa haina kazi.

Pale tarehe inapokudanganya

Kabla ya kwenda kwenye njia za kulipia, lazima tusimame kwenye kolamu E, maana matatizo mengi ya matangazo yasiyotoka, au yanayotoka mapema, yanaanzia hapo, na hakuna huduma ya kulipia inayoyatibu.

Faili nyingi za Google Sheets zimewekwa mtindo wa Marekani, ambao unatanguliza mwezi. Sisi tunatanguliza siku. Sasa angalia kinachotokea kwa tarehe tatu za mwaka 2026. Ukiandika 12/03/2026 ukimaanisha tarehe 12 Machi, jedwali linaelewa tarehe 3 Desemba, na tangazo la mpishi linabaki hewani karibu miezi tisa zaidi. Ukiandika 05/12/2026 ukimaanisha tarehe 5 Desemba, linaelewa tarehe 12 Mei. Ukiliweka tangazo hilo mwezi wa Novemba, halitaonekana hata dakika moja. Ya tatu ndiyo mbaya zaidi: 25/03/2026. Kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, jedwali linaichukua kama maandishi ya kawaida. Na jedwali linapolinganisha maandishi na namba, maandishi siku zote huhesabiwa kuwa makubwa. Tarehe hiyo itakuwa "kubwa kuliko leo" leo, kesho na mwaka kesho, na tangazo halitatoka milele.

Ndiyo maana nimetia ISNUMBER kwenye fomula ile. Tarehe halisi ndani ya jedwali ni namba, kwa hiyo maandishi yaliyojifanya tarehe yanakataliwa mlangoni. Tangazo lenye tarehe mbovu halitaonekana kabisa, na hilo ni afadhali, kwa sababu mwajiri atapiga simu siku hiyohiyo kuuliza liko wapi. Lile linaloganda hewani hakuna anayelipigia simu isipokuwa waombaji.

Kwa macho unaweza kulitambua kosa hili bila fomula yoyote. Kama hujagusa mpangilio wa seli, tarehe halisi hujisukuma upande wa kulia wa seli, na maandishi hukaa kushoto. Pitisha macho kwenye kolamu E, na iliyokaa kushoto ni ya kurekebisha. Tiba ya kudumu ni kuingia File, Settings, ukachagua Locale ya United Kingdom na saa za Nairobi, kabla ya kuingiza tarehe yoyote, kwa sababu kubadilisha baadaye hakuponyi zilizokwisha kuharibika. Kisha iwekee kolamu hiyo sharti kupitia Data, Data validation, ili ikubali tarehe halali tu na ikatae mengineyo.

Saa nazo zina mtego wake, na huu ni wetu sisi wenyewe. Mwajiri anaandika, "Mwisho ni saa 10 jioni," na mfanyakazi anaingiza 10:00. Kompyuta inajua hiyo ni saa nne asubuhi, na mfumo unaofuata saa unalifunga tangazo saa sita kabla ya wakati. Ushauri wangu ni kutoweka saa kabisa. Andika tarehe tu, na kwenye tangazo lenyewe useme maombi yatapokelewa hadi mwisho wa siku hiyo. Mwajiri akishikilia saa kumi na moja jioni, iingie 17:00.

Ukiacha saa, kumbuka kwamba tarehe isiyo na saa inahesabiwa kuwa saa sita usiku siku inapoanza. Ndiyo sababu nimetumia TODAY() na si NOW(). Ukilinganisha na NOW(), tangazo la tarehe 12 litatoweka mara tu usiku wa kuamkia tarehe 12, na waombaji watakuwa wameporwa siku nzima waliyoahidiwa.

Hati ndogo ya Google ikiiongoza WordPress

Kama unataka kila nafasi iwe na ukurasa wake, njia ya gharama ndogo ni Apps Script, hati inayoandikwa ndani ya Google Sheets yenyewe kupitia Extensions, Apps Script. Nayo ni bure, na mipaka yake iko mbali sana na mahitaji yetu: akaunti ya kawaida inaruhusiwa kuita tovuti za nje mara 20,000 kwa siku, na hati moja inaweza kukimbia kwa dakika sita. Utakacholipa ni fundi, mara moja. Kazi ni ndogo, kwa sababu kiini chake ni hiki:

```
function panga() {
  const sh = SpreadsheetApp.getActive().getSheetByName('Nafasi');
  const leo = new Date(); leo.setHours(0, 0, 0, 0);
  sh.getDataRange().getValues().slice(1).forEach((r, i) => {
    if (!r[0]) return;
    const wazi = r[4] instanceof Date && r[4] >= leo;
    const hali = wazi ? 'publish' : 'draft';
    if (hali === r[5]) return;
    const id = weka(r, hali);
    sh.getRange(i + 2, 6, 1, 2).setValues([[hali, id]]);
  });
}
```

Fundi atakuandikia na sehemu ya `weka`, inayozungumza na WordPress kupitia anwani ya `/wp-json/wp/v2/posts`. Kama kolamu G ni tupu inatengeneza ukurasa mpya na kurudisha namba yake. Kama ina namba, inabadilisha hali ya ukurasa uliopo. Nywila inayotumika hapo ni ile maalumu ya programu, ambayo WordPress imekuwa nayo tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020. Usimpe fundi nywila yako ya kuingilia.

Tazama jinsi hati hii inavyofikiri. Kila inapoamka, inasoma tarehe zote upya na kuuliza kila nafasi inapaswa kuwa katika hali gani leo, halafu inarekebisha palipo na tofauti tu. Ni hekima ileile ya chujio. Ukiongeza tarehe ya mwisho, tangazo linabaki, na likiwa lilishaondolewa linarudi. Ikiwa usiku wa jana WordPress ilikuwa chini na hati ikafeli, kolamu F haikubadilika, kwa hiyo usiku wa leo itajaribu tena bila kuambiwa. Mafundi wengi huandika hati inayofunga tu, isiyojua kufungua. Mkatalie kwa upole, umwonyeshe mistari hii.

Hati inaamshwa na kichocheo cha saa, kwa mfano kila siku kati ya saa sita na saa saba usiku. Google haikuahidi dakika kamili, inakuahidi ndani ya saa hiyo. Hakikisha faili la mipangilio ya hati, `appsscript.json`, lina `"timeZone": "Africa/Nairobi"`, kwa sababu saa za hati na saa za jedwali ni vitu viwili tofauti, na moja ikiwa ya Marekani, "leo" ya hati itachelewa nyuma ya leo ya Mombasa.

Hatari kubwa ya njia hii si ya kiufundi. Kichocheo ni mali ya akaunti iliyokiunda. Akikiunda mfanyakazi kwa akaunti yake, kisha akaacha kazi na akaunti ikafungwa, matangazo yanaacha kutoka kimyakimya. Hakuna taa nyekundu, na barua pepe za onyo zinaenda kwa mtu ambaye hayupo. Kiundwe kwa akaunti ya ofisi tangu siku ya kwanza.

Huduma za kuunganisha: hapa ndipo pesa inapokwenda

Zapier na Make zinauza kitu kimoja: kuunganisha jedwali na tovuti bila kuandika hati. Kwa mtu asiye na fundi ni faraja ya kweli, lakini hesabu zake zinahitaji uangalifu.

Zapier huhesabu kila tendo. Tangazo moja lina matendo matatu hata ukibana: kutengeneza ukurasa, kuandika namba yake kwenye jedwali, na baadaye kuuondoa. Mara 40, ni matendo 120 kwa mwezi. Mpango wa bure unatoa 100 tu, na mtiririko wake hauruhusu zaidi ya hatua mbili, kwa hiyo haufai. Mpango wa Professional wenye matendo 750 ni dola 19.99 kwa mwezi ukilipa kwa mwaka, takriban shilingi 31,200 kwa mwaka. Ukilipa mwezi kwa mwezi ni dola 29.99.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni jinsi watu wanavyoipanga. Mtindo unaokuja haraka ni huu: safu mpya ikiingia, tengeneza ukurasa, kisha weka hatua ya "Delay Until" isubiri hadi tarehe ya mwisho, halafu ondoa. Inapendeza kwenye skrini. Ila hatua hiyo inabeba tarehe iliyokuwepo siku safu ilipoingia. Yule mwajiri wa Diani akiongeza wiki moja, jedwali litasema tarehe 19, na Zapier italiondoa tangazo tarehe 12 kama ilivyoagizwa mwanzo. Ofisi ikilirudisha kwa mkono, sasa hakuna kitu kilichobaki cha kuliondoa tarehe 19. Kwa hiyo kuongeza siku mara moja kunazaa makosa mawili, na umelipa shilingi elfu thelathini na moja kwa ajili yake. Ukibaki na Zapier, acha kusubirisha. Panga mtiririko wa kila siku unaosoma jedwali upya.

Make ni rafiki zaidi kwa mfuko. Mpango wa bure unatoa krediti 1,000 kwa mwezi na mitiririko miwili inayofanya kazi, na kwa kazi za kawaida kama hizi kila hatua hula krediti moja. Unahitaji miwili tu: wa kupandisha na wa kuondoa. Angalia tu usiingie tamaa ya kuupa muda mfupi zaidi unaoruhusiwa, wa kila dakika 15. Kule kuchungulia jedwali kunahesabiwa hata kusipopatikana kitu: mara 96 kwa siku, mara 2,880 kwa mwezi, na krediti zako zitaisha kufikia tarehe 11. Uchunguze jedwali mara moja kwa siku kwa kila mtiririko, na hapo una 60 za kuchungulia, jumlisha 160 za kupandisha, kuondoa na kuandika matokeo kwenye jedwali. Jumla 220 hivi. Ofisi yetu inaenea ndani ya mpango wa bure na nafasi inabaki. Ikikua hadi matangazo 200 kwa mwezi itafika 860, bado ndani. Baada ya hapo mpango wa Core ni dola 9 kwa mwezi ukilipia mwaka, yaani shilingi 14,040.

Plagini ya kazi ndani ya WordPress

WP Job Manager ya Automattic ni ya bure, na inajua kwamba tangazo la kazi lina mwisho. Kila nafasi ina sehemu ya tarehe ya kuisha, na siku ikipita plagini inaipa hali ya "expired" na kuitoa kwenye orodha. Kwa ofisi inayojaza fomu kwa mkono, hiyo inatosha na sioni sababu ya kutafuta kingine. Ila swali letu ni jedwali. Ukipandisha jedwali kwa plagini ya kuingiza data, tarehe sasa inakaa sehemu mbili, kwenye jedwali na kwenye WordPress, na ya pili ndiyo yenye nguvu. Ukibadilisha jedwali bila kupandisha tena, hakuna kilichobadilika.

Kuna na jambo la saa ya WordPress yenyewe. Kazi zake za ratiba huamshwa na mgeni anayefungua tovuti. Tovuti isiyo na wageni usiku mzima haiondoi kitu usiku huo. Mgeni wa kwanza asubuhi ndiye anayeiamsha, na yeye mwenyewe bado anaona tangazo la jana. Ukiwa na plagini ya kuhifadhi kurasa ili zifunguke haraka, hata huyo anaweza asiiamshe, na orodha ya zamani ikaendelea kuonekana ingawa ndani tangazo limeshafungwa. Tiba ni kuweka kazi ya cron kwenye cPanel:

```
*/30 * * * * curl -s https://tovuti-yako/wp-cron.php >/dev/null
```

Kisha uzime ile ya wageni kwa kuandika `define('DISABLE_WP_CRON', true);` kwenye wp-config.php, na uiambie plagini ya kuhifadhi isiuguse ukurasa wa orodha ya kazi. Ukitaka kujua kama unahitaji haya, fungua orodha kwa dirisha la faragha la kivinjari saa moja asubuhi, siku moja baada ya tangazo kuisha. Ukilikuta, unayahitaji.

Kufuta au kufunga?

Ukishakuwa na kurasa za kila nafasi, amua ukurasa uliokwisha uonyeshe nini. Hati niliyoiweka hapo juu inaurudisha kwenye rasimu, na anayebofya kiungo cha zamani anaambiwa ukurasa haupatikani. Kwa mwombaji huo ni ukatili mdogo: hajui kama kiungo ni kibovu, kama simu yake ina tatizo, au kama kazi imekwisha. Mimi napendelea ukurasa ubaki, utoke kwenye orodha, na juu yake usomeke wazi: "Nafasi hii ilifungwa tarehe 12 Machi 2026. Usitume maombi." Anwani ya kutumia maombi iondolewe. Fundi anaweza kubadilisha hati ili badala ya rasimu ihamishe ukurasa kwenye kategoria ya zilizofungwa, kwa gharama ileile.

Google inakubali njia zote mbili, alimradi usiidanganye. Kama kurasa zako zina ile data iliyopangiliwa ya JobPosting, iandike `validThrough` ikiwa na saa na eneo, kwa mfano `2026-03-12T23:59:59+03:00`. Nafasi ikiisha, tarehe hiyo iwe imepita, au data hiyo iondolewe, au ukurasa utoke kabisa. Tovuti inayoacha kazi zilizokwisha zikiendelea kujitangaza kuwa wazi inaweza kuadhibiwa na kuondolewa kwenye matokeo ya kazi, na hapo hata nafasi zako zilizo hai zinapotea.

Mahali ambapo hakuna njia yoyote kati ya hizi inayofika ni WhatsApp. Aliyetuma ujumbe anaweza kuufuta kwa wote kwa muda wa siku mbili na saa 12 tu. Tangazo la wiki mbili lililotumwa kama picha ya bango kwenye magrupu halifutiki tena na litazunguka hadi Krismasi. Kwa hiyo kwenye magrupu tuma kiungo cha ukurasa, na picha kama ni lazima iwe na tarehe ya mwisho kwa herufi kubwa kuliko jina la mwajiri.

Kwa ofisi ya matangazo 40, basi, ningeanza na chujio leo mchana bila kumlipa mtu. Mwezi ukipita bila tarehe mbovu kwenye kolamu E, ningemwita fundi wa hati. Tuseme anadai shilingi 10,000: hiyo ni pungufu ya miezi minne ya Zapier kwa bei ya mwaka, na hailipwi tena. Make ningeichagua kama hakuna fundi wa kuaminika karibu. Airtable ya bure ni ya ofisi isiyo na tovuti ya maana, inayotaka orodha isomeke kwenye simu na basi. WP Job Manager ni ya ofisi ambayo iko tayari kuliacha jedwali na kufanyia kazi ndani ya tovuti. Na kwa vyovyote utakavyochagua, fanya jaribio moja kabla ya kulipa: weka nafasi ya uongo yenye mwisho wa kesho, kisha kesho jioni isogeze mbele siku tatu, na uone kama inabaki, na kama siku ya nne asubuhi imetoka.